Shemeji ana homa kali, kila akilala anamwota marehemu baba yake. Ndoto hii inatafsirika?

BintiBusia
Habari za usiku wana jukwaa. Niko Busia, upande wa Uganda. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anapakia na kupakua mizigo Malaba. Jumatatu jioni alirudi nyumbani anatetemeka. Tukamrundikia mablanketi na bado meno yakawa yanagongana. Baadaye joto likapanda, ukimgusa paji la uso unautoa mkono. Duka la dawa lilimuuzia vidonge vya kutuliza homa tu, damu haikupimwa.

Kilichonileta hapa ni ndoto. Kila usingizi ukimpitia inamjia ileile. Kuta za chumba zinamsogelea polepole. Jiwe la kusagia linavimba mpaka linajaza nyumba. Yeye ameamriwa ahesabu punje za mtama, na kila akikaribia kumaliza zinakuwa nyingi zaidi. Mwisho baba yake, aliyefariki mwaka jana, anasimama mlangoni peke yake na kusema neno moja tu: "Nasikia baridi." Anashtuka, anatusimulia, analala tena, na ndoto inarudi.

Mama mkwe anasema jambo liko wazi, marehemu hakumaliziwa mambo yake na sasa anadai. Anataka kesho asubuhi tupande gari kwenda kijijini Namutumba, mgonjwa akafanyiwe ya mila. Mume wangu yuko njiani kuelekea Juba na simu yake haipatikani. Mimi ni mke wa mtoto wake, siwezi kumpinga mama hivihivi bila hoja. Naomba mnisaidie.

Mvuvi_wa_Jinja
Dada, pole. Cha kuuliza kwanza, alimwitikia? Marehemu akikuita ukaitikia, hilo ni zito. Ila jiwe la kusagia kwetu ni dalili ya riziki. Likijaa nyumba, huyo kijana atapata kazi kubwa kabla mwaka haujaisha. Mtama usiohesabika nao ni mali. Naona ndoto ina mazuri mengi kuliko mabaya.

TabibuTororo
Dada BintiBusia, mimi ni tabibu, nimekaa wodini Tororo kwa miaka mingi. Kabla sijasema lolote kuhusu ndoto, nijibu haya. Akishaamka kabisa, anajua kwamba ile ilikuwa ndoto? Mchana, macho yakiwa wazi, anaongea mambo yanayoeleweka? Anakunywa na kukojoa? Amewahi kukakamaa au kurusharusha mikono na miguu? Shingo inainama mpaka kidevu kiguse kifua? Na kwa kuwa anafanya kazi ya mizigo, sisemi kwa kumdharau, anakunywa waragi kila siku?

Swali la waragi lina sababu yake. Mtu aliyezoea pombe kali kila siku akiugua anaacha kunywa ghafla, na siku ya pili au ya tatu anaweza kuanza kuona watu wasiokuwepo. Hiyo ni hatari nyingine na tiba yake ni tofauti, kwa hiyo mwambie ukweli atakayempokea.

BintiBusia
Pombe hagusi, ni mtu wa msikitini. Hajakakamaa. Maji anakunywa kidogo, chakula hakitaki tangu jana. Asubuhi ya leo alikuwa na nafuu kubwa, alitoka jasho shuka likaloa, akakaa barazani akazungumza vizuri. Mama mkwe alikuwa amemwombea dua na kumfukizia ubani alfajiri, kwa hiyo anasema tayari marehemu ameanza kusikia. Jioni hii homa imerudi. Hayo mengine nitayaangalia, sasa hivi amelala.

FundiSimuMbale
Mimi nilisoma kidogo mambo haya. Usingizi una awamu, na ndoto kali zinakuja kwenye awamu ile ambayo macho yanachezacheza chini ya kope. Homa inauchemsha ubongo, basi awamu hiyo inakuwa ndefu mara nyingi kuliko kawaida na mtu anaota usiku kucha. Ndiyo maana ndoto za malaria ni kama sinema. Hakuna mzimu hapo, ni joto tu.

TabibuTororo
Fundi, awamu ya macho kuchezacheza umeitaja sawasawa, lakini hapo pa kuongezeka mambo yako kinyume. Wakati wa homa awamu hiyo hupungua na kukatikakatika, na sababu yake inaeleweka vizuri. Tukiwa kwenye usingizi ule wa ndoto, mwili karibu unaacha kazi ya kurekebisha joto lake. Hautetemeki, na jasho hupungua sana. Mwili wenye homa una kazi ya kupandisha joto, na hauwezi kuifanya hiyo kazi huku umelala usingizi wa namna hiyo. Kwa hiyo unaukwepa, au unauingia kwa vipande vifupi na mtu anashtuka katikati.

Huko kushtuka ndiko kunakofanya ndoto ibaki kichwani. Ukiwa mzima, ndoto nyingi zinapita na hukumbuki hata moja, kwa sababu umelala mpaka zikaisha. Mgonjwa anaamshwa na kutetemeka, na kiu, na maumivu ya kichwa, tena na tena, na kila anapoamka anaishika ndoto ikiwa bado mbichi. Anaona kama ameota usiku mzima. Kisha anarudi usingizini akiwa na mawazo yaleyale na mwili uleule unaouma, basi si ajabu ndoto kurudi.

Neno "kuchemsha" nalo nisilipitishe. Ubongo hauchemki. Mwili ukipambana na vijidudu unatoa kemikali zinazofika kwenye sehemu ya ubongo inayopanga joto na kuiambia ipandishe kiwango. Tuseme kiwango kilikuwa 37, sasa kimepangwa 39. Mwili wenye 37 na nusu unajiona uko chini ya kiwango, kwa hiyo unahisi baridi kali na kutetemeka, huku mtu wa pembeni akikugusa anasema unaungua. Shemeji wa dada yetu Jumatatu jioni alikuwa hapo hasa.

Sasa itazameni ndoto yake. Aliyesimama mlangoni anasema anasikia baridi. Kwenye chumba kile, nani alikuwa anasikia baridi?

BintiBusia
Hilo limenishtua. Sikuwahi kuliwaza.

UstadhArua
Assalaam alaykum. Nimefuatilia kimya. Tabibu asidhani sisi watu wa dini tunatafsiri kila kinachootwa. Tumefundishwa kwamba ndoto ni za aina tatu: bishara kutoka kwa Mwenyezi Mungu, ya kuhuzunisha inayotoka kwa shetani, na yale mtu anayojizungumzia mwenyewe nafsini. Hiyo ya tatu haina tafsiri. Mwenye njaa anaota chakula, mwenye kiu anaota kisima, na mwenye homa naye ana yake. Binafsi mtu akiniletea ndoto aliyoota akiwa kitandani mgonjwa, namwambia pona kwanza, ukiiota tena ukiwa na afya njoo tuongee. Na ndoto inayotisha tumekatazwa kuisimulia ovyo, kwa sababu ikisimuliwa kila mtu anaiongezea lake.

Mvuvi_wa_Jinja
Ustadh, na heshima zako, mbona basi ni baba yake? Kama ni baridi tu, angeota jirani anasikia baridi, au ng'ombe. Kwa nini marehemu?

TabibuTororo
Mvuvi umeuliza swali zuri, na sitajifanya nina jibu lote. Homa inaeleza baridi. Inaeleza kuta zinazosogea na jiwe linalovimba, maana wagonjwa wengi sana, wa makabila na dini tofauti, wananisimulia vitu vinavyokua au kupungua bila mpaka na kazi isiyokwisha. Mtafiti wa ndoto wa Ujerumani, Michael Schredl, na mwenzake walichapisha mwaka 2020 utafiti uliowauliza watu kuhusu ndoto zao za homa. Zilikuwa za ajabu zaidi na za kuchukiza zaidi kuliko ndoto nyingine, ugonjwa na hisia za joto na baridi vilijitokeza zaidi, na kukutana na kuzungumza na watu kulipungua. Baba amesimama peke yake na kusema neno moja, mnaona linavyofanana. Lakini huo ulikuwa utafiti wa kuuliza watu walichokumbuka. Kuwalaza wagonjwa wenye homa kali maabara na nyaya kichwani usiku kucha si jambo rahisi, kwa hiyo kuna mengi bado hayajapimwa.

Kwa nini baba na si jirani, hilo sitalipata kwenye kipimajoto. Kijana amefiwa mwaka jana, na majonzi yake alikuwa nayo kabla ya homa. Ninachokataa ni kulifanya hilo liamue gari la kesho asubuhi linaelekea wapi.

Mstaafu_Gulu
Naomba nami niseme langu. Nilikuwa jeshini, natumia dawa za virusi tangu zamani na siku hizi sifichi. Kabla hatujabadilishiwa dawa nilikuwa natumia efavirenzi, kidonge cha usiku. Ndoto zake mwacheni kabisa! Nilikuwa naona rangi ambazo sijawahi kuziona mchana, napigana vita ambavyo viliisha miaka mingi. Nilizunguka kwa waombaji wengi kabla nesi mmoja hajaniuliza nameza dawa gani na saa ngapi. Sasa niko kwenye dolutegraviri, nameza asubuhi, nalala. Je, huyo kijana hana dawa anayomeza?

TabibuTororo
Asante Mzee kwa kulisema wazi, kuna mtu atalisoma na kupumzika moyo. Efavirenzi inajulikana kwa hilo. Hata meflokwini, kidonge cha kila wiki cha kuzuia malaria ambacho wageni wengine hupewa, inaleta ndoto kali bila homa yoyote. Kwa hiyo ndoto za ajabu zikianza ghafla, orodha ya dawa iulizwe kabla ya orodha ya maadui. Lakini asiyetaka ndoto asiache dawa zake za virusi mwenyewe, arudi kliniki.

Dada, kuhusu nafuu ya asubuhi. Malaria ina tabia ya kupanda na kushuka. Baridi, kisha joto kali, kisha jasho jingi, halafu mtu anakaa barazani anaomba chai. Lolote lililofanywa saa hiyo, iwe dua, ubani au kidonge cha kutuliza homa, litaonekana ndilo lililomponya. Vimelea viko palepale kwenye damu. Nimewapokea wengi waliofika wamechelewa kwa sababu ya asubuhi moja ya namna hiyo.

BintiBusia
Wakuu, nimetoka kumwangalia sasa hivi. Niliingia nikamkuta ameketi kitandani, macho wazi, taa inawaka. Akaniuliza kwa nini tumemwacha Mzee amesimama nje na kiti kipo. Nikamwambia umeota, amka. Akasema hakulala. Nikamnawisha uso kwa maji, nikamwita jina, akanitazama, lakini baada ya muda kidogo akawa anaongea na mlango. Shingo inainama vizuri. Mama mkwe ameona na sasa analia, anasema ndiyo hiyo, marehemu ameingia ndani.

TabibuTororo
Dada, sikiliza. Mwambie ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma kuanzia Jumapili. Usimsaidie.

BintiBusia
Alisema Jumapili, Jumamosi, Jumatano, kisha akauliza lori la nani limeegeshwa mlangoni. Nikarudia, akaanza tena akaishia Jumamosi.

TabibuTororo
Hii si ndoto tena, na usingoje asubuhi. Mtu aliyeota, hata ndoto iwe ya kutisha namna gani, ukimwamsha akakaa na kunywa maji anarudi kwako, anajua yuko wapi na nani yuko mbele yake. Huyu ameamka na picha hazijaondoka, na hawezi kushika wazo moja mpaka mwisho. Ni kama redio inayoshika stesheni mbili kwa pamoja. Ubongo wake umeanza kuathirika, na kwenye homa ya eneo letu cha kwanza kuhofia ni malaria kali.

Mpelekeni sasa hivi kituo cha afya chenye kulaza, daraja la nne au hospitali. Asikae peke yake kwenye boda, mtu akae nyuma yake amshike. Akiwa anaweza kumeza vizuri, mpe maji yenye sukari kidogo kidogo, kwa sababu hajala na malaria kali inashusha sukari ya damu, na sukari ikishuka nayo inamfanya mtu aweweseke. Akishindwa kumeza au akisinzia sana usimpe kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Ukifika sema maneno haya: ana homa tangu Jumatatu, amechanganyikiwa tangu usiku huu, hajala, naomba apimwe malaria na sukari. Usianze na habari ya baba yake mlangoni, wasije wakadhani ni ugonjwa wa akili wakamweka foleni nyingine.

UstadhArua
Na mama mkwe usimwache nyuma akilia. Mwambie: Mama, safari ya Namutumba haijafutwa, imeahirishwa. Hata hayo ya mila yanataka mwenyewe awe na akili timamu asimame mbele ya wazee. Ukimwambia mzimu hakuna, mtabishana mpaka kukuche na mgonjwa atakuwa bado nyumbani.

BintiBusia
Amekubali kwa maneno hayohayo. Jirani ana gari, tunatoka.

FundiSimuMbale
Dada, tupe habari ukifika. Tuko macho.

BintiBusia
Ndugu zangu, samahani kwa kukaa kimya, simu iliisha moto. Tulipokewa vizuri. Walimtoboa kidole, malaria ikaonekana, na sukari ilikuwa imeshuka sana. Wakamtia maji ya sukari kwenye mshipa, na mbele ya macho yangu akaacha kuongea na mlango, ingawa aliendelea kuwa mzito. Akachomwa sindano ya artesuneti, nyingine baada ya saa 12, nyingine baada ya saa 24. Pia walimtoa maji ya uti wa mgongo kuangalia kama kuna uvimbe wa utando wa ubongo, yakaonekana safi.

Leo anaongea vizuri, ametaja siku za wiki kwa kurudi nyuma mpaka akacheka kwa nini namsumbua. Cha ajabu, ndoto ya kuta na jiwe la kusagia anaikumbuka yote. Lakini ile ya kuniuliza kwa nini Mzee ameachwa nje haikumbuki hata kidogo, anadhani namsingizia.

TabibuTororo
Alhamdulillahi, ingawa mimi ni Mkatoliki. Hilo la kukumbuka na kutokukumbuka linatokea mara nyingi. Ndoto aliamka nayo akaisimulia, ikapata mahali pa kukaa. Kuweweseka kulitokea wakati ubongo haukuwa na nguvu ya kuhifadhi kitu. Wengine hukumbuka vipande, msimlazimishe.

Sindano zikiisha wanampa vidonge vya Coartem, na hapa ndipo wengi wanapoteleza kwa sababu mtu anajisikia mzima. Ni vidonge vinne kila mara kwa mtu mzima, mara sita ndani ya siku tatu, dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza. Ameze na chakula chenye mafuta au maziwa, dawa inaingia vizuri zaidi mwilini. Na msishangae akiota sana siku za mwanzo. Mtu aliyenyimwa usingizi wa ndoto akiupata tena, mwili huwa unaulipiza.

NyanyaWaMasaka
Wanangu, nina mjukuu wa miaka mitatu. Akipata homa usiku anaamka anapiga kelele, ananitazama kama hanijui, kisha analala. Asubuhi hakumbuki. Hilo nalo ni hilohilo?

TabibuTororo
Shikamoo Nyanya. Kwa mtoto, kulia usingizini kwa kitisho kisha kutulia na kulala kunaweza kuwa ni homa imemvuruga usingizi tu, na watoto wengine hufanya hivyo hata bila homa. Lakini mtoto mdogo hawezi kukutajia siku za wiki, kwa hiyo angalia vitu vingine. Akitulia, anakutambua na kunyonya au kunywa? Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akidegedega, au ukimwamsha anabaki amelegea, huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo. Kama mko mbali, mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kuwa na artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa kwa watoto walio chini ya miaka sita, lakini hiyo ni ya kumvusha njiani, lazima afike akatibiwe kamili. Hata akitulia, homa yoyote ya mtoto huyo ipimwe damu siku hiyohiyo.

Mvuvi_wa_Jinja
Nimefurahi kijana amepona. Bado nasema suala la baba yake lipo. Baridi ilikuwa ya homa, nakubali, lakini baba hakuja bure.

BintiBusia
Mama mkwe naye anasema hivyohivyo, na mume wangu amepiga simu anasema tutalizungumza akirudi. Shemeji mwenyewe amesema jambo ambalo hakuwahi kulitamka tangu msiba: mazishi yalifanyika yeye akiwa Malaba, hakupewa ruhusa kazini, alifika wakati watu wanatawanyika. Anataka kwenda kaburini, homa iwepo isiwepo. Nimemwambia amalize vidonge kwanza, bado ana dozi ya leo usiku na za kesho.